Makengeza ya miaka mingi kwa mtu mzima: upasuaji unanyoosha nini na unaacha nini

Mtu mzima mwenye makengeza ya tangu utotoni akifika kliniki ya macho, mara nyingi huja na moja ya kauli mbili. Wa kwanza anasema, "Daktari, naona viwili." Wa pili anasema, "Mimi naona vizuri tu, ila watu hawajui namwangalia nani." Wote wawili wanaweza kuishia kwenye meza ileile ya upasuaji na kufanyiwa kazi kwenye misuli ileile. Lakini wanachotafuta ni tofauti, hatari inayowakabili ni tofauti, na hata namna ya kupima kama kazi imefanikiwa ni tofauti. Malalamiko mengi ninayoyasikia baada ya upasuaji wa makengeza hayatokani na mkono wa daktari. Yanatokana na mgonjwa kuingia chumbani akiwa na lengo moja kichwani, na daktari lingine.

Nitamfuata zaidi yule wa pili, kwa sababu ndiye anayeambiwa mambo mengi yasiyo kweli. Anaambiwa kwamba kwa mtu mzima haiwezekani tena. Anaambiwa kwamba ni urembo tu. Na akifika mtandaoni anaambiwa kwamba akinyooshwa, jicho litaanza kuona vizuri. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo sahihi.

Swali la kwanza ni kwa nini mtu ambaye macho yake yanaelekea pande mbili haoni vitu viwili. Jibu liko kwenye ubongo. Jicho la mtoto likipinda katika miaka yake ya mwanzo, ubongo wake hupokea picha mbili zisizolingana, na kwa kuwa bado unajifunza kuona, unaamua kuizima moja. Mtoto halalamiki, anaendelea kucheza. Uwezo huo wa kuzima hupungua kadiri anavyokua, na mtu ambaye jicho limepinda kwa mara ya kwanza ukubwani kwa kawaida hawezi kuuanzisha upya, ndiyo maana yeye huona viwili.

Kuzima huko kuna matokeo mawili. La kwanza linajulikana: jicho lililozimwa muda mrefu hubaki jicho vivu, yaani lina afya lakini halisomi herufi ndogo hata ukilivalisha miwani sahihi. La pili halielezwi mara kwa mara, nalo ndilo muhimu kwa mtu anayefikiria upasuaji. Ubongo hauzimi jicho zima. Unazima eneo fulani la retina, lile ambalo limezoea kupokea picha wakati jicho limekaa kwenye upinde wake wa kila siku. Jicho likihamishwa, picha inaweza kuangukia eneo jingine ambalo halikuzimwa kamwe. Hapo mtu ambaye hajawahi kuona viwili maishani mwake anaviona kwa mara ya kwanza, na macho yake yamenyooka.

Kabla ya kufika huko, ni lazima kuwe na uhakika kwamba makengeza ni ya zamani kweli. Daktari mzuri ataomba picha: ya kitambulisho, ya harusi, ya darasa la saba. Picha ya pasipoti ya miaka kumi iliyopita inaweza kumaliza mjadala kwa dakika moja. Mtu anayesema jicho limeanza kupinda mwezi uliopita, au ameanza ghafla kuona viwili, haingii katika makala hii kabisa. Huyo anachunguzwa kisukari, presha, tezi la shingo, udhaifu wa misuli na neva za ubongo. Kama kope limeanguka, mboni ya jicho hilo imetanuka kuliko nyingine na kichwa kinauma, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kuna pia kipimo ambacho mtu anaweza kujifanyia mwenyewe akiona viwili: afunike jicho moja. Kama viwili vinabaki hata kwa jicho moja, tatizo haliko kwenye makengeza. Mara nyingi ni mtoto wa jicho, ukavu wa jicho, au miwani isiyo sahihi. Kama vinakuwa kimoja kila anapofunika jicho lolote kati ya yote mawili, basi tatizo ni macho kutoelekea mahali pamoja.

Sasa tuchukue mfano. Ni mwalimu wa sekondari wa miaka 38. Hayupo mtu huyu kwa jina, nimeunganisha mambo ya wagonjwa wa aina yake. Jicho lake la kulia lilielekea puani tangu utotoni. Akiwa na miaka 6 akafanyiwa upasuaji, likanyooka, familia ikafurahi. Alipofika miaka ya ishirini na kitu jicho likaanza kutoka nje, pole pole, hasa akichoka. Leo liko nje muda wote. Safari hii ya kutoka ndani kwenda nje ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa jicho lenye uoni hafifu na lililowahi kufanyiwa upasuaji utotoni. Jicho la kushoto linasoma 6/6, yaani uoni wa kawaida. La kulia, kwa miwani, 6/36, yaani linahitaji mita 6 kuona kile ambacho jicho la kawaida hukiona kwa mita 36.

Kero yake iko darasani. Akimtazama mwanafunzi na kusema "wewe, jibu," wanasimama wawili, na darasa linacheka. Kipimo cha makengeza kinaeleza kwa nini. Makengeza hupimwa kwa prizimu, yaani kioo chenye upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, kinachosogeza picha pembeni. Dayopta moja ya prizimu husogeza picha sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Kipimo cha mwalimu ni dayopta 40. Kwa mwanafunzi aliye mita 3 mbele yake, jicho la kulia linaelekea sentimita 120 pembeni ya pale linapotazama jicho la kushoto. Hilo ni dawati la jirani.

Kupata namba hiyo si kazi ya mashine. Mgonjwa anaangalia herufi moja iliyo mita 6, mpimaji anamfunika jicho moja kisha jingine kwa zamu, na kutazama jicho linavyoruka kutafuta herufi linapofunuliwa. Anaweka prizimu mbele ya jicho moja, anaongeza nguvu, hadi kuruka kunakoma. Kisha anarudia kwa kitu cha karibu, na kwa mgonjwa akitazama kulia, kushoto, juu na chini. Kwa mwalimu huyu kuna jambo linajitokeza: akitazama kushoto, jicho la kulia halifiki lilipopaswa kufika, linaishia njiani. Maana yake msuli wa upande wa pua, ambao uliguswa utotoni, hauvuti vizuri.

Kabla ya kuzungumzia kisu, miwani yake inapimwa upya. Kuna watu wazima ambao macho yao huingia ndani kwa sababu wanahitaji miwani ya kuongeza nguvu na hawaivai, na hao wakivaa, sehemu ya makengeza, au yote, huondoka. Kumfanyia upasuaji mtu wa namna hiyo bila miwani ni kujitafutia makengeza ya upande wa pili.

Kinachofuata ndicho kipimo ambacho mimi ningekataa kusaini fomu ya upasuaji bila kufanyiwa. Mpimaji anachukua ubao wenye prizimu zilizopangwa kuanzia dhaifu hadi kali, anauweka mbele ya jicho la kulia, upande mnene ukielekea puani, na kumwambia mwalimu aangalie taa ya mbali. Anaupandisha ubao hatua kwa hatua na kila hatua anauliza: moja au mbili? Prizimu zinaupelekea ubongo picha kama vile jicho limeshanyooshwa kiasi hicho, kabla hata ya mtu kuguswa.

Mwalimu anajibu "moja" kwenye 10, kwenye 20, kwenye 30. Kwenye 35 bado moja. Kwenye 40, ambayo ingekuwa kunyooka kabisa, anasita: "kama kuna kivuli hivi pembeni." Kwenye 45 anasema bila kusita: "taa mbili." Majibu hayo yanabadilisha mpango wote. Yanaonyesha kwamba akirekebishwa kwa dayopta 30 au 35 huenda hataona viwili, na kwamba daktari akipitiliza hata kidogo, ataona. Kwa hiyo lengo halitakuwa kunyoosha kabisa. Litakuwa kuliacha jicho nje kidogo, dayopta 5 hadi 10, kiasi ambacho watu wengi wanaomtazama hawataking'amua.

Wagonjwa wengi hushtuka wakisikia daktari anapanga kuacha makengeza kidogo kwa makusudi. Wanadhani anajitetea mapema. Lakini kwa mtu huyu, jicho lililo nje kwa dayopta 8 na picha moja ni bora mara nyingi kuliko jicho lililonyooka kabisa na taa mbili barabarani usiku.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kinaonya zaidi kuliko kinavyotabiri. Kati ya wale wanaoona viwili kwenye ubao, wengi hawaoni viwili baada ya upasuaji, au wanaviona kwa wiki chache kisha ubongo unaizima picha ile upya. Wanaobaki na viwili vya kudumu, miongoni mwa watu wazima ambao hawakuwa navyo kabla, ni wachache sana, takriban mmoja kwa mia au pungufu. Lakini kwa huyo mmoja ni jambo zito, na ana haki ya kujua mapema kama yumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi. Pale majibu ya ubao yanapotia wasiwasi mkubwa, baadhi ya madaktari huchoma kwanza sindano ya botoksi kwenye msuli unaovuta sana. Msuli unalegea kwa wiki kadhaa hadi miezi michache, jicho linasogea, na mgonjwa anaishi na hali ile kazini na nyumbani kabla ya kuamua. Ni njia nzuri ingawa haipatikani kila mahali, na dawa yenyewe ina bei.

Kila jicho linazungushwa na misuli 6. Minne imenyooka, mmoja kila upande, na miwili inapita kimshazari. Upasuaji wa makengeza hautoboi jicho wala hauliondoi mahali pake, hiyo ni hofu ya kizee inayorithishwa. Daktari anafungua utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, anaupata msuli, kisha anaulegeza au anaukaza, kama mtu anayerekebisha hatamu za punda anayevuta upande mmoja. Kuulegeza ni kuukata pale unaposhikia jicho na kuushona nyuma zaidi. Kuukaza ni kuukata kipande na kuushona tena, au kuusogeza mbele. Mikato ni ya milimita: kwa makengeza ya nje ya dayopta 40 kwa mtu ambaye hajawahi kuguswa, majedwali hutaja takriban milimita 8 nyuma kwa msuli wa upande wa sikio na 6 za kufupisha kwa ule wa upande wa pua.

Lakini mwalimu wetu ameshawahi kuguswa, na majedwali hayo hayamtoshi. Kadi ya hospitali ya miaka 32 iliyopita haipo, na mama yake anakumbuka tu bandeji. Daktari atajua hali halisi akishafungua. Tuseme anaukuta msuli wa upande wa pua milimita 10.5 kutoka ukingo wa kioo cha jicho, wakati mahali pake pa asili ni kama 5.5. Hiyo inaeleza kwa nini jicho halifiki puani: uliwekwa mbali nyuma, au kovu lake limevutika kadiri miaka ilivyopita. Anaurudisha mbele hadi mahali pake. Kisha anaulegeza ule wa upande wa sikio, lakini huu hafungi fundo la kudumu. Anauacha kwenye uzi wenye fundo la kufunguka.

Fundo hilo ndilo faida kubwa ya kufanyiwa ukiwa mtu mzima, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kuvumilia kinachofuata. Mwalimu amefanyiwa kwa nusu kaputi, kazi imechukua karibu saa moja. Jioni, au kesho yake asubuhi, akiwa macho kabisa, anawekewa matone ya ganzi na kuulizwa aangalie taa. Jicho limepitiliza ndani kidogo zaidi ya ilivyokusudiwa, na anaona taa mbili. Daktari anauvuta uzi, msuli unasogea mbele milimita moja na nusu, anapima tena kwa kufunika na kufunua. Taa zinakaribiana, zinakuwa moja. Hapo ndipo fundo linafungwa kabisa. Haliumi kama watu wanavyofikiria, lakini wapo wanaopata kizunguzungu au kichefuchefu, kwa sababu kuvuta msuli wa jicho hupunguza mapigo ya moyo. Daktari wa usingizi huwa anakijua kitu hicho na hukisubiri.

Jicho gani linafanyiwa? Kwa mwenye jicho vivu, kwa kawaida ni lile vivu, ili jicho linalosoma 6/6 lisiingizwe katika hatari yoyote. Kwa wengine kazi hugawanywa macho yote mawili, na si kosa wala si kubahatisha: pembe kati ya macho ni moja, na inaweza kurekebishwa kutoka upande wowote. Jambo ambalo daktari atalikwepa ni kukata misuli mingi iliyonyooka ya jicho moja kwa mkupuo, hasa kwa mtu mzima mwenye kisukari au mishipa mibovu, maana damu inayolisha sehemu ya mbele ya jicho hupitia ndani ya misuli hiyo.

Wiki za kwanza jicho ni jekundu sana upande wa pua na wa sikio, na linakwaruza kama lina mchanga. Wekundu hupungua kwa wiki mbili tatu, lakini kwa jicho lililofanyiwa mara ya pili unaweza kuchukua miezi miwili hadi mitatu kuisha, kwa hiyo mtu asipange upasuaji wiki mbili kabla ya harusi yake. Matone ya kuzuia vijidudu na uvimbe hutumika wiki kadhaa. Kuogelea baharini au kwenye bwawa kunasubiri karibu mwezi. Kuendesha gari au bodaboda kunasubiri hadi viwili viondoke, hata kama ni viwili vya dakika chache tu ukiangalia pembeni.

Kuna mambo mawili yanayomrudisha mtu hospitali bila kungoja siku ya miadi. Moja ni maumivu na uvimbe unaozidi badala ya kupungua siku ya pili au ya tatu na kuendelea, hasa kama uoni unafifia: hiyo huenda ni maambukizi. Jingine ni jicho lililokuwa limenyooka kukutwa ghafla limepinda sana na haliwezi kugeukia upande mmoja. Huo unaweza kuwa msuli ulioteleza kutoka kwenye uzi wake, na ukiwahiwa hutafutwa na kushonwa upya. Madhara makubwa ni nadra. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Uingereza ulikuta tatizo kubwa katika takriban upasuaji mmoja kati ya 400, na matokeo mabaya ya kudumu katika takriban mmoja kati ya 2,400. Upofu kutokana na sindano kupenya ukuta wa jicho umo humo, lakini ni nadra kuliko hata hiyo.

Miezi mitatu baadaye mwalimu anapimwa: jicho liko nje dayopta 8, picha ni moja. Wanafunzi wanajua anamwangalia nani. Jicho la kulia bado linasoma 6/36, kwa sababu upasuaji haukugusa uoni, umegusa mwelekeo. Miwani inabaki ileile. Hajapata ule uwezo wa kuona kina unaohitaji macho mawili kufanya kazi pamoja kikamilifu, kwani haukuwahi kujengeka utotoni. Wapo watu wazima wanaopata kiasi fulani cha ushirikiano wa macho baada ya kunyooshwa, hasa wale ambao makengeza yao yalianza wakiwa wameshakua kidogo au yalikuwa ya kuja na kuondoka. Na mtu ambaye jicho lake lilikuwa limeingia ndani anaweza kushangaa kwamba eneo analoliona pembeni limepanuka, jambo analoligundua barabarani. Lakini hayo ni ya kupokea yakija, si ya kuahidiwa.

Na jambo moja zaidi halikuisha: akitazama kushoto kabisa, jicho la kulia bado linabaki nyuma kidogo. Picha iliyopigwa akiwa amegeuza macho upande huo itaonyesha. Akigeuza kichwa badala ya macho, haionekani. Alielezwa hili kabla, kwa hiyo halikumsumbua. Asingeelezwa, angeamini kwamba upasuaji umeharibika.

Sasa turudi kwa yule wa kwanza, anayeona viwili, ili tofauti ionekane. Ni mama wa miaka 46, mshonaji. Vitu viwili anavyoviona vimepandiana, kimoja juu, kingine chini, na vilianza pole pole mwaka mmoja uliopita, jioni akiwa amechoka. Picha zake za shule zinaonyesha kichwa kimeinama upande wa bega la kushoto kila mara, na nyumbani walidhani ni maringo. Msuli mmoja wa mshazari ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na kwa miaka arobaini ubongo wake uliziunganisha picha kwa nguvu na kwa kuinamisha kichwa. Umri ulipoingia, nguvu ile ikapungua.

Yeye ubongo wake haujawahi kuzima picha, unaunganisha. Kwa hiyo anaanza na prizimu kwenye miwani, au karatasi laini ya prizimu inayobandikwa juu ya kioo kwa majaribio, na kama makengeza ni madogo huenda asihitaji kisu kabisa. Akihitaji, daktari atalegeza msuli unaovuta sana, na lengo lake halitakuwa sura. Litakuwa aone kimoja akitazama mbele na akitazama chini, kwenye cherehani. Juu kabisa na pembeni kabisa anaweza kubaki na viwili, na kwa maisha yake hilo linavumilika. Kwa fundi anayepaka rangi dari, mpango huohuo usingefaa. Ndiyo maana mgonjwa anayeona viwili akiulizwa kazi yake, si mazungumzo ya kupitisha muda.

Kwake pia makengeza yaliyobaki kidogo yanaweza kuwa balaa. Picha mbili zilizo mbali ni rahisi kuzipuuza, lakini zilizokaribiana zinagongana na kuvuruga maandishi. Kwa hiyo kioo cha kujitazamia kinaweza kusema upasuaji umefanikiwa na yeye akasema haukufanikiwa, naye akawa sahihi. Kwa mwalimu ni kinyume: prizimu zinasema bado kuna dayopta 8, yeye anasema imeisha.

Kuna onyo moja kwa mwenye makengeza ya zamani asiyeona viwili. Mazoezi ya macho yanayouzwa mtandaoni, yanayoahidi kuliamsha jicho vivu la mtu mzima kwa kulifunika jicho linaloona vizuri au kutumia miwani ya rangi mbili, yanaweza kuuvunja ule mzimo wa picha bila kujenga muungano. Akifika hapo ana viwili ambavyo havikuwepo, na wakati mwingine hakuna prizimu wala kisu kinachovirudisha vilipotoka. Mazoezi yana nafasi yake kwa makengeza ya aina fulani, chini ya mtu anayepima, na kwa mwalimu huyu hayakuwa na nafasi.

Anayetaka kuanza, asishangae akielekezwa kliniki ya macho ya watoto. Makengeza ni ugonjwa wa utotoni kwa wingi wake, kwa hiyo kwetu na kwingineko mabingwa wanaoyajua zaidi ni madaktari wa macho ya watoto, na mtu mzima mwenye ndevu hukaa benchi moja na mama wenye watoto mgongoni. Idara kubwa za macho kama za hospitali za KCMC Moshi, CCBRT na Muhimbili Dar es Salaam, au Kikuyu nchini Kenya ni mahali pa kuulizia. Kwenye bima, tatizo hujitokeza pale fomu inapoandikwa kana kwamba ni urembo. Kuyarudisha macho kwenye mwelekeo wa kawaida ni kurekebisha kasoro, na daktari anayeandika kipimo cha dayopta, jicho kushindwa kugeuka, na shida ya kazini anampa mgonjwa karatasi yenye nguvu zaidi kuliko anayeandika "makengeza" peke yake.

Mwalimu aliambiwa pia kwamba jicho vivu lina tabia ya kusogea tena, kwani halina picha ya kulishikilia mahali. Miaka kumi au ishirini baadaye linaweza kutoka nje upya. Katika watu wazima kwa ujumla, takriban mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu huhitaji upasuaji mwingine katika maisha yao, na waliowahi kufanyiwa utotoni wako upande wa juu wa makadirio hayo. Safari hii alipewa nakala ya ripoti, yenye jina la kila msuli, milimita ulizosogezwa, na aina ya uzi. Ameipiga picha, na karatasi yenyewe ameiweka kwenye bahasha moja na cheti chake cha kuzaliwa.